Bakapu imewashwa, lakini oda ziko wapi?

"Mimi ni mshoni, nipo Wete. Vipimo na oda zote za wateja naziandika kwenye daftari la simu, simu yangu ni Android. Kijana wangu kanionesha kwamba bakapu imewashwa, basi nikatulia. Sasa wenzangu wananitisha kuwa simu ikifa na oda zinakufa nayo. Nitajuaje kama oda zangu kweli zimehifadhiwa?"

Dada yangu, usitulie bado. Kitufe kilichowashwa maana yake ni kwamba simu imeambiwa ihifadhi. Hakikwambii kama imepata nafasi ya kufanya hivyo, wala ni lini, wala kama daftari lako limo katika hicho kilichohifadhiwa. Majibu hayo yapo kwenye ukurasa ule ule aliokuonesha kijana wako, mistari michache tu chini ya kitufe, na watu wengi hawafiki huko. Nitakueleza namna ya kuisoma kwa kisa cha mshoni mwenzako wa Chake Chake, kwa sababu yaliyomkuta yanagusa karibu kila mstari wa ukurasa huo.

Mimi ni fundi simu. Mama huyu namjua tangu niko skuli, sare zangu zote alizishona yeye. Alinijia mwezi 25 wa Ramadhani asubuhi, wakati ambao mshoni hana hata dakika ya kuinuka kwenye charahani, nikajua pana jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Oda zangu zimeliwa nusu."

Neno hilo "nusu" ndilo lililonifanya niweke chini kila nilichokuwa nacho mkononi. Simu ikipoteza kitu, kwa kawaida hukipoteza chote. Nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Simu ilikuwa imejaa, haipokei tena hata picha. Mtoto wa dada yake akajitolea kumsaidia, akaziondosha programu zilizoonekana nzito, na daftari likiwa mojawapo. Halafu akalirudisha kutoka Play Store, akidhani litarudi kama lilivyokuwa. Lilirudi na maandishi ndani, mtoto akafurahi, mama naye akafurahi. Furaha ikaisha jioni alipomtafuta mteja wa wiki iliyopita asimwone.

Tulihesabu maandishi yaliyorudi: 61. Hakuna hata moja lililoharibika. Kila mteja aliyekuwepo alikuwepo kamili, namna anavyoandika mama mwenyewe: "Mzee wa Wawi, kanzu 2, urefu 56, bega 18½, mkono 23, kifua 44, shingo 16, kitambaa chake, arbuni elfu 10." Lakini oda za Ramadhani hazikuwepo. Nikamwambia tutafute lililo jipya kuliko yote katika hayo 61. Lilikuwa la siku ya 14 ya Shaaban, gauni la bibi harusi. Baada ya hapo, kimya.

Hii ndiyo dalili ya kwanza ninayotaka uishike. Mtu akifuta maandishi kwa makosa, mapengo hutawanyika: leo halipo, jana lipo, juzi halipo. Yakikatika kama kamba, kwamba kila kitu kipo hadi siku fulani na baada yake hakuna hata kimoja, hicho kilichorudi ni nakala ya siku hiyo. Daftari halikuliwa nusu. Lile la asili liliondoka lote siku mtoto alipoondosha programu, na kilichokaa mahali pake ni picha ya daftari kama lilivyokuwa Shaaban.

Nikafungua "Settings", nikaingia "Google", kisha "Backup". Kwenye baadhi ya simu njia hupitia "System" kwanza, au ndani ya "Google" kuna ukurasa wa huduma zote, lakini jina la mwisho ni hilo hilo. Kitufe kimewashwa, rangi yake nzuri. Chini yake simu huandika bakapu ya mwisho imefanyika lini. Tukaitafuta tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani yenye miezi yote miwili, ikaangukia siku ya 14 ya Shaaban.

"Mama, usiku huo ulilala wapi?"

Alifikiri kidogo. "Nilikuwa Unguja. Mwanakwerekwe, kwa binti yangu. Tulikwenda harusini."

"Kwake kuna waifai?"

"Ipo. Watoto wake ndiyo kazi yao."

Hapo kisa chote kikafunguka. Android ina utaratibu wa kuchukua data za programu na kuziweka kwenye akaunti ya Google bila wewe kufanya lolote, lakini una masharti. Bakapu iwe imewashwa. Zipite angalau saa 24 tangu ile iliyotangulia. Simu iwe imetulia, haitumiki, na ndiyo maana mara nyingi kazi hii hufanyika usiku simu ikiwa kwenye chaji. Na simu iwe kwenye waifai, isipokuwa kama mwenye simu ameruhusu kwa kauli yake itumie bando. Mama huyu maisha yake yote anatumia bando. Nyumbani kwake hakuna waifai, kibandani hakuna. Simu yake ilingoja kila usiku, usiku baada ya usiku, ikakosa sharti moja lile lile. Ilipofika Mwanakwerekwe ikaunganishwa na waifai ya binti, ikawekwa kwenye chaji, ikatulia, ikafanya kazi yake. Aliporudi Pemba ikaanza kungoja tena. Kitufe muda wote huo kilikuwa kimewashwa.

Wewe uko Wete. Kama nawe unaishi kwa bando, jiulize mara ya mwisho simu yako ililala kwenye waifai ilikuwa lini. Kuna uwezekano mkubwa tarehe utakayoikuta pale ni ya safari yako ya mwisho.

Aliniuliza kama yale ya Ramadhani naweza kuyafufua. Nilimwambia ukweli, nakwambia nawe ili usije ukatoa pesa bure. Programu inapoondoshwa, Android hufuta chumba chake cha ndani ambamo data zake huwekwa. Chumba hicho hata programu ikiwa hai programu nyingine haziruhusiwi kukiingia, na hifadhi ya simu za siku hizi imefungwa kwa ufunguo wa siri. Zile programu zinazojitangaza kuwa zinafufua vilivyofutwa hukutafutia picha na video katika sehemu ya wazi ya simu. Daftari halikuwa huko.

Basi tukalitafuta kwa njia za mkono, na sehemu hii naisimulia kwa sababu inaweza kukufaa hata leo. Mama alirudi kibandani akatandika mkeka, akashusha vitambaa vyote ambavyo havijashonwa. Vilikuwa mafurushi 43. Furushi 17 aliyatambua kuwa ya wateja wa zamani, na vipimo vyao vilikuwemo katika yale maandishi 61, maana watu wazima hawabadiliki sana kutoka sikukuu hadi sikukuu. Furushi 14 tuliyapata kwenye WhatsApp: wateja walikuwa wametuma picha ya mshono na maneno mawili matatu, wengine hata vipimo. Yakabaki 12. Kati ya hayo, wateja 9 alikumbuka ni nani, akawapigia, wakaja na kanzu au dera la zamani akalipima likiwa juu ya meza. Matatu hakumkumbuka mwenyewe kabisa, akayaweka pembeni hadi walipokuja kuuliza.

Arbuni ndiyo iliyomtia hofu kuliko vipimo. Kipimo utapima tena, lakini mteja akikwambia amekwisha kulipa elfu 15 na wewe huna kumbukumbu, utafanya nini? Kwa waliolipa kwa simu jibu lilikuwepo: ujumbe wa kupokea pesa ulikuwa bado haujafutwa, kila mmoja na jina, kiasi na siku. Kwa waliolipa taslimu alilazimika kuwaamini, na aliniambia hakuna aliyemdhulumu. Nguo zilitoka, nyengine usiku wa kuamkia Sikukuu.

Mtoto yule, bila kujua, alikuwa na bahati katika jambo moja. Alipolirudisha daftari, nakala ya Shaaban iliingia yenyewe, na programu ikafunguka ikiwa na maandishi. Ingekuwa imefunguka tupu, hatari ingekuwa kubwa zaidi. Google huweka nakala moja tu ya data za kila programu, iliyo ya mwisho. Mpya ikiingia, ya zamani inaondoka. Daftari likiwa tupu, simu ikapata waifai usiku huo, simu haijui kwamba utupu ni msiba. Itachukua utupu iuweke juu ya maandishi yako. Kwa hiyo ukiona daftari limefunguka jeupe, usiandike chochote ndani yake na usiilaze simu kwenye waifai. Iondoshe programu, uiweke tena kutoka Play Store kwa akaunti ile ile, mchana ule ule, uone kama nakala itaingia. Na usikimbilie kukizima kile kitufe cha bakapu ukidhani unailinda nakala: ukikizima, simu itakuonya kwamba nakala zilizopo zitafutwa, na ukikubali zinafutwa kweli.

Baada ya Sikukuu mama alirudi, safari hii kwa kituo, akakaa. "Nifundishe kusoma ukurasa ule," akasema. "Sitaki kufanyiwa, nataka kusoma mwenyewe." Tukausoma pamoja, na mstari wa kwanza tu ukatukwamisha.

Juu ya ukurasa pameandikwa anwani ya barua pepe. Hiyo ndiyo akaunti ambamo nakala huwekwa. Mama hakuitambua. Ilikuwa na jina lisilo lake na tarakimu nyingi, na mwisho ikafahamika kwamba aliifungua kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, ili Play Store ifanye kazi, na neno la siri hakuna aliyeliandika. Nimeikuta hali hii kwenye simu nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na inaniuma kila nikiiona, kwa sababu mwenye simu hajui kwamba ana kasha lisilo na ufunguo. Simu ikiwa mkononi akaunti iko wazi na kila kitu kinaonekana sawa. Siku simu ikiibwa au ikianguka baharini Mkoani wakati wa kushuka meli, nakala ipo, na huwezi kuifikia. Tulimfungulia akaunti yake mwenyewe kwa namba yake ya simu, neno la siri akaliandika kwenye daftari la karatasi analoliweka na vyeti vya watoto, kisha tukagusa ile anwani kwenye ukurasa wa "Backup" na kuchagua mpya.

Mstari wa pili ni tarehe. Huu sasa unaujua. Nilimtafutia pia, ndani ya ukurasa huo huo, mahali pa kuruhusu bakapu ipite kwenye bando, nikamwonesha kitufe cha "Back up now" cha kuanzisha kazi bila kungoja usiku. Bando alikuwa akiliogopa, nikamwambia asiogope kwa maandishi. Oda moja kama ile ya mzee wa Wawi haifiki hata nusu ya kilobaiti. Oda elfu moja za namna hiyo ni kama nusu megabaiti, chini ya picha moja ya kamera ya simu.

Mstari wa tatu ni "App data", na hapa ndipo watu hawaendi kabisa. Ukiugusa, hufunguka orodha ya programu ambazo data zao zimechukuliwa. Lazima daftari lako ulione humo kwa jina lake. Sababu ni kwamba aliyetengeneza programu ana haki ya kuandika ndani yake kwamba isichukuliwe bakapu, na wengine hufanya hivyo, hasa wa programu za benki, na baadhi ya madaftari yanayotaka ununue huduma yao wenyewe ya kuhifadhi. Programu ya namna hiyo, hata ukilala kwenye waifai mwaka mzima, haitochukuliwa, na simu haitokwambia.

La mama lilikuwemo. Tukabonyeza "Back up now" kwa waifai ya dukani kwangu, tukangoja, tarehe ya juu ikawa ya siku ile. Akainuka kutaka kwenda. Nikamwomba akae kidogo, kwa sababu daftari kwenye orodha lilikuwa halijasogea: programu nyengine zilionesha siku ile, lenyewe bado liko nyuma.

Niliichomeka simu kwenye kompyuta nikaiamuru ilichukue daftari peke yake. Amri yenyewe ni hii, na fundi wako wa Wete anaweza kuitumia akiwasha ruhusa ya wataalamu kwenye simu na kuweka jina kamili la programu yako mahali pa hili la mfano:

```
adb shell bmgr backupnow com.mfano.daftari
```

Jibu likija "Success", imechukuliwa. Likija "Backup is not allowed", mtengenezaji amekataza, na hakuna ujanja. La mama lilikuja "Size quota exceeded". Maana yake mzigo umezidi kipimo. Kila programu imepewa megabaiti 25 tu katika utaratibu huu. Ikizidi, simu haichukui kipande kinachotosha ikaacha kilichobaki. Inaiacha programu nzima.

Maandishi hayawezi kufika huko, nilikwambia ukubwa wake. Nikafungua daftari nikaona picha. Tangu Sikukuu alikuwa ameanza kupiga picha ya kila kitambaa ndani ya oda, jambo la busara kabisa kwa mshoni, ili asichanganye satini ya huyu na ya yule. Picha 20, kila moja kama megabaiti 2, ni 40. Picha ya kumi na tatu tu ilitosha kulitoa daftari lote nje ya bakapu, na vipimo vya watu wote vikatoka pamoja nayo. Kitufe kimewashwa, tarehe ya juu ni ya leo, akaunti ni yake, na bado oda hazimo. Ndiyo maana nakusihi usome hadi mstari wa tatu.

Dawa tuliyoichagua ni kutenganisha. Picha za vitambaa akazirudisha kwenye picha za kawaida za simu, na kila furushi akalitia namba kwa kipande cha karatasi na pini: kitambaa namba 112, picha ina karatasi yenye 112, oda imeandikwa 112. Daftari likabaki maneno matupu. Tulipoipeleka amri mara ya pili ikaja "Success".

Lakini mama aliniuliza swali zuri kuliko yote: "Nikitaka kuyaona hayo yaliyohifadhiwa, nayaona wapi?" Na hapa pana upungufu ambao si haki kukuficha. Nakala ya namna hii haifunguliwi. Unaweza kuiona kwamba ipo, jina na siku, lakini kilichomo ndani utakiona tu itakaporudishwa kwenye simu, ama unapoweka programu upya ama unapoanza simu mpya. Tena simu mpya lazima iweze kuwekwa programu ile ile. Daftari lililokuja na simu kutoka kiwandani mara nyingi halipatikani kwenye simu ya kampuni nyengine. Na nakala haingoji milele. Simu isipotumika kwa siku 57, Google huihesabu bakapu yake kuwa imekwisha muda. Kwa sisi tunaongoja kioo cha simu kitoke Dar es Salaam, siku 57 si nyingi. Simu yako ikivunjika, irudishe nakala kwenye simu nyengine mapema, usiiweke kabatini ukangoja.

Kwa sababu hiyo nilimshauri ahamishe oda kwenye daftari linalosawazisha, yaani ambalo kila unachoandika hupanda kwenye akaunti yako papo hapo simu ikiwa na mtandao, na hukisoma kutoka simu yoyote. Google Keep ni mojawapo, halilipiwi. Aliandika oda moja kwenye simu yake, nikafungua keep.google.com kwenye kompyuta yangu, akaingia kwa akaunti yake, akaikuta. Alicheka kwa sauti, kisha akainyamazia muda mrefu akiitazama.

Nikamwonya palepale kwamba kusawazisha kunabeba na makosa. Mtoto akiifuta oda kwenye simu moja, inafutika kila mahali. Kwenye Keep kilichofutwa hukaa siku 7 tu ndani ya "Trash", kisha huondoka kwa heri. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni, kabla ya kufunga kibanda, hupita "Trash" kuona kama kuna kisichostahili kuwemo, na oda za wiki huzinakili kwenye daftari la karatasi: namba, jina, arbuni, siku ya kuchukua. Vipimo haviandiki humo, ni kazi ndefu, na mwili wa mteja upo. Arbuni ndiyo haina pengine pa kupimwa.

Sasa wewe, dada. Fungua ukurasa ule usiku wa leo ukiwa umetulia, usome anwani kwanza. Kama huijui au hulijui neno lake la siri, anzia hapo, mengine yangoje. Kisha tarehe, kisha daftari lako ndani ya "App data" na siku yake. Tarehe ya juu ikiwa mpya na ya daftari ikawa ya zamani, tazama picha ulizotia ndani ya oda. Daftari lisipokuwemo kabisa, usilihangaikie. Hamisha oda mbili tatu za wiki hii kwenye lile linalosawazisha, chukua simu ya kijana wako, ingia kwa akaunti yako, umtafute mteja wa mwisho uliyempima. Asipoonekana ndani ya dakika chache na bando lipo, angalia juu kulia kwenye simu yako ni herufi ya akaunti gani imeandikwa, maana mara nyingi daftari linaandika kwenye akaunti ile ya zamani ya dukani na wewe unasoma kwenye mpya.